Barua moja kwa milango miwili

Kati ya maandishi yote ambayo mtu wa fasihi anaandika baada ya kutoka unif, kuna moja ambalo hatulichambui hata siku moja: demandi ya kazi. Riwaya tunaifungua ukurasa kwa ukurasa, shairi tunahesabu mizani yake, lakini hii karatasi moja ambayo inaweza kuamua kama utalipa nyumba mwezi unaokuja, tunaazima ya rafiki, tunakopi, tunabadilisha jina, njo basi. Leo tuisome kama vile tungesoma andishi lingine lolote, kwa kuuliza nani anasema, anasema na nani, na maneno yake yanafanya kazi gani.

Mwenye barua ni mwenzetu wa Lubumbashi. Ana lisansi ya fasihi ya Kifaransa, ana agregasyo, na tangu amalize anaishi kwa kufundisha watoto wa jirani saa za jioni. Ametupa ruhusa ya kuisoma hapa bila jina lake. Aliipeleka mahali pawili mu juma moja. Pa kwanza ni nyumba moja inayotengeneza vitabu na brosha, iliyotafuta korektere. Pa pili ni shule moja ya sekondari ya mtu binafsi, iliyotafuta mwalimu wa Kifaransa kwa miaka ya mwisho ya umanite. Barua ni ileile. Aliiandika kwa mkono, kama wakubwa wengi wanavyopenda bado, akaikopi mara ya pili, akabadilisha jina la anayeandikiwa na jina la kazi. Hakuna aliyemujibu. Yenyewe ni ya Kifaransa. Mimi ninaiweka kwa Kiswahili chetu:

"Bwana Mkurugenzi, ni kwa heshima kubwa na kwa unyenyekevu ninakuja mbele ya ukubwa wako ili kuomba jambo lililoandikwa hapo juu. Kwa kweli, mimi ni mwenye lisansi ya fasihi na ustaarabu wa Kifaransa. Tangu utoto nimependa kusoma na kuandika, na fasihi imekuwa kwangu kama pumzi. Mu memuare yangu nilichambua sauti ya msimuliaji na namna ya kuona mu riwaya ya Mudimbe, nikitumia mbinu za naratolojia. Mimi ni mtu wa bidii, wa nidhamu, ninayejua kufanya kazi na wengine na hata chini ya presyo. Ninajua vizuri kabisa sarufi na ortografi ya Kifaransa. Nikiwa na tumaini kwamba ombi langu litapata jibu zuri, upokee, Bwana Mkurugenzi, heshima zangu za juu. Aneksi: 5."

Munaitambua? Kila mmoja wetu ana dada yake mahali fulani mu flashi.

Tuanze na mlango wa barua. Watu wengine, hasa wale wanaosoma mashauri yaliyoandikiwa wazungu, watasema: toa yote hiyo ya heshima na unyenyekevu, ingia moja kwa moja mu kazi. Mimi sikubali. Prefe wa kwetu akipokea barua isiyomusalimia, ataona mtoto asiyefundishwa nyumbani, na hatafika mstari wa tatu. Lugha hii ya kuinama tumeirithi toka biro za serikali, ni kweli, lakini leo iko na kazi yake: inasema ninajua ninaongea na nani. Shida iko mu kipimo. Hapa inakula mstari wote wa kwanza na mstari wote wa mwisho, na kati yao kuna ombi ambalo halitajwi hata kwa jina: "jambo lililoandikwa hapo juu". Msomaji analazimika kupandisha macho ili ajue anaombwa nini. Heshima moja fupi inatosha, na kazi yenyewe itajwe mu sentensi ileile: "Kwa heshima, ninaomba nafasi ya korektere muliyotangaza." Mtu mzima anayesoma barua 40 asubuhi atahesabu hiyo kama heshima kubwa zaidi, sababu umemuachia nafasi ya kupumua.

Sasa ingia katikati. Kuna jaribio moja ambalo mimi ninapenda. Ufunike jina na diplomi, kisha uulize: mtu wa kontabilite angeweza kutia sahihi chini ya sentensi hii? "Mtu wa bidii, wa nidhamu": angeweza. "Chini ya presyo": angeweza, na pengine kwa haki zaidi kuliko sisi. Sentensi hiyo ianguke. "Fasihi ni pumzi yangu": mtu wa kontabilite hangesaini, lakini jirani yangu anayesoma riwaya kila usiku bila diplomi yoyote angesaini, na si uongo kwake. Hakuna prefe anayelipa mapendo ya mtu kwa vitabu. Ianguke nayo. Kiisha kukata, tunabaki na sentensi mbili tu ambazo ni za huyu ndugu mwenyewe: ile ya memuare na ile ya ortografi. Ya memuare tutairudia. Ya ortografi njo iliyomuua.

Sababu barua inayosema "ninajua vizuri kabisa" imejiweka yenyewe mu mtihani, na msomaji wa nyumba ya vitabu ataichukua kama eprevi ya kwanza. Nilifanya kama yeye: nikachukua rula, nikaiweka chini ya kila mstari. Mwisho wa mstari wa tisa kuna neno dogo la kuunganisha. Mwanzo wa mstari wa kumi neno hilohilo limerudi. Jina la nyumba limeandikwa hapo juu kwa konsonanti mbili, kama lilivyo kwenye tangazo, na mu mwili wa barua konsonanti moja imepotea. Chini ameandika aneksi tano, lakini orodha inataja nne. Na ile kopi ya shule, eh, inaanza na "Bwana Prefe" na inamaliza na "Bwana Mkurugenzi".

Musicheke haraka. Makosa haya hayatoki mu ujinga wa Kifaransa. Huyu ndugu anajua sarufi kuliko wengi wetu. Yanatoka mu kitendo cha kukopi, na watu wa imprimeri wameyapa majina zamani. Neno lililorudiwa wanaliita dublo, na linapenda kukaa pale mstari unapovunjika, sababu jicho linaruka toka kuume kwenda kushoto na mkono unasahau kama umeshaandika. Ndugu yake ni burdo, yaani neno au mstari mzima ulioachwa. Herufi moja iliyopotea au kuchukua nafasi ya ingine ni kokiye. Na ule ukubwa wa Mkurugenzi uliobaki mu barua ya Prefe ni mabaki ya kopi ya kwanza; kila mtu anayeandika barua moja kwa milango miwili atayapata siku moja.

Kuyaona ni kazi inayojifunza. Kwanza, acha barua ilale usiku mmoja, sababu jicho lililoandika linasoma kile lilichotaka kuandika. Kesho yake isome mara mbili na usichanganye: mara ya kwanza kwa ajili ya maana, mara ya pili kwa ajili ya herufi tu, rula chini ya mstari, ukianzia mstari wa mwisho na kupanda juu, ili maana isikubebe. Majina yote na tarehe uyalinganishe na tangazo lenyewe, herufi kwa herufi, kidole kimoja huku na kingine kule. Vitu vinavyohesabika uvihesabu kwa kidole. Nusu saa yote kwa yote.

Lakini hata kama barua ingekuwa safi kama sahani ya harusi, ingekuwa bado na ugonjwa mkubwa kuliko kokiye. Inaamini kwamba korektere na mwalimu wa Kifaransa ni watu wawili wa kazi moja, sababu wote wawili wanashika bik nyekundu. Na hapa njo ninataka tukae kidogo.

Korektere anakutana na kosa ili litoweke. Kazi yake ikifaulu, hakuna mtu atakayejua kwamba alipita. Haelezi, hafundishi, hamuambii mwandishi kanuni ya kukubaliana kwa vitenzi. Anaweka alama pembeni, kwa mfano ile deleatura, mkia mdogo uliojikunja unaosema kwa Kilatini "ifutwe", na anaendelea. Na mahali ambapo hana hakika anajikataza kugusa. Tarehe inayoonekana mbaya, jina la kijiji, hesabu ya tabo: anaweka alama ya kuuliza, mwandishi atajibu. Hata ujuzi wake wa Kifaransa anaupima kwa sheria za nyumba. Sisi hapa kwetu tunahesabu kwa septanti na nonanti kama Wabelgiji. Kitabu kikienda kwa wasomaji wa kwingine, nyumba inaweza kuchagua ile namna ya Paris. Kuna maneno ambayo tangu marekebisho ya 1990 yana ortografi mbili, zote zinakubaliwa. Korektere hachagui anayoipenda. Anauliza nyumba imechagua nini, kisha analinda uchaguzi huo toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtu anayependa sana kuonyesha anachojua atateseka mu kazi hii.

Mwalimu yeye anakutana na kosa ili mwanafunzi alione. Akilifuta mwenyewe, amefanya kazi ya mtoto. Mumeshaona zile kopi za disertasyo zinazorudi zote nyekundu, kila neno limekorijewa vizuri? Mwanafunzi anaangalia pointi, anakunja, anatia mu sake, basi. Na mwalimu amepoteza siku yake ya Mungu. Tuhesabu: darasa la wanafunzi 48, dakika 12 kwa kila kopi, ni dakika 576, karibu saa 10 za kazi kwa disertasyo moja. Tena kwa wafinalisti si mchezo, sababu disertasyo ni moja ya epreve za ekseta zinazofanywa kabla ya sesyo ya kawaida, na pale hakuna kubahatisha kwa kuchagua jibu moja kati ya mengine. Prefe analala na swali hilo kichwani: nani atawafundisha hawa watoto kuandika kurasa mbili zinazosimama?

Kwa hiyo mtu akiandika kwa wote wawili "ninajua vizuri ortografi", Mkurugenzi anasikia mtu atakayebishana na waandishi, na Prefe anasikia mtu atakayejaza nyekundu. Hakuna anayesikia anachotafuta.

Baada ya barua nilimuomba sivi yake. Ukurasa wa pili, chini kabisa, baada ya michezo anayopenda na lugha anazosema, chini ya kichwa "Mengine", kulikuwa na mstari huu: "Msaada kwa brosha ya koperative". Nikamuuliza ni nini. Kumbe alikorije brosha ya kurasa 38 ya koperative ya wakulima, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mara ya kwanza juu ya maandishi, mara ya pili juu ya eprevi zilipotoka imprimeri. Mu eprevi aliona kwamba maelezo ya picha mbili yamebadilishana mahali. Aliona pia tabo moja ya mavuno ambayo jumla yake haikulingana na safu: safu ilizidi kwa 360. Hakugusa. Aliweka alama ya kuuliza, na mtu wa hesabu wa koperative akakuta kwamba mstari mmoja ulipaswa kuwa 1 480 na uliandikwa 1 840. Kwa upande wa Kiswahili aliuliza mapema: tuandike kama vitabuni ao kama wakulima wanavyosema? Wakakubaliana, akaandika uamuzi mu karatasi moja, akaufuata. Hakulipwa kitu, njo maana aliona haina maana kuitaja.

Mimi nilibaki kinywa wazi. Huyu mtu alikuwa na kazi yote ya korektere mkononi, kuanzia maandishi mpaka eprevi, swali la sheria za nyumba ndani yake, na aliificha chini ya mpira wa miguu, kisha akaandika kwamba fasihi ni pumzi. Tumefundishwa unif kwamba kinachohesabika ni kile kilichopita mbele ya juri. Kilichofanywa bila juri na bila feza hatukiiti kazi.

Barua yake mpya kwa nyumba ya vitabu, sehemu ya katikati, imekuwa hivi:

"Mwaka uliopita nilikorije brosha ya kurasa 38 ya koperative ya wakulima, kwa Kifaransa na Kiswahili, juu ya maandishi kisha juu ya eprevi. Kati ya nilivyoonyesha kulikuwa maelezo ya picha mbili yaliyobadilishana na tabo ambayo jumla yake haikulingana. Hesabu sikuigusa, niliiuliza. Memuare yangu ya kurasa 94 nililinganisha mwenyewe kila maneno yaliyonukuliwa na kitabu yalimotoka. Pamoja na barua ninaweka kurasa mbili za eprevi zenye alama zangu, kwa ruhusa ya koperative. Niko tayari kufanya testi siku mutakayopanga."

Angalia mahali memuare imekaa. Kwa Mkurugenzi, Mudimbe hana kazi hapa na hatajwi. Kinachotajwa ni uvumilivu wa kulinganisha maneno na chanzo chake. Angalia pia kwamba neno "ortografi" halipo. Kurasa mbili za eprevi zinalisema. Kama ruhusa ya kuzionyesha ingekataliwa, angeandika kwamba ni za mteja na angengoja testi; korektere anayetembeza maandishi ya watu bila kuuliza amejifungia mlango.

Kwa Prefe, memuare ileile inageuka upande mwingine, na hapa Mudimbe anarudi. Riwaya yenyewe ni ile ya 1973, ya padri mwafrika anayeacha misyo na kuingia mu msitu na wapiganaji. "Sauti ya msimuliaji na namna ya kuona" ni lugha ya juri. Mbele ya darasa la watoto 48 ni maswali mawili ambayo mtu anaweza kuandika mu ubao: nani anasema hapa? nani anaona? Mtoto wa mwaka wa 3 wa umanite anaweza kujibu kwa kuweka kidole juu ya neno. Tena ni maswali yanayomusaidia siku ya disertasyo, pale anapochanganya maoni ya mwandishi, maoni ya mhusika na maoni yake mwenyewe, na nusu ya disertasyo mbaya zinafia pale. Kwa hiyo barua ya shule imekuwa hivi:

"Niko na lisansi ya fasihi ya Kifaransa na agregasyo. Kwa disertasyo, kisha kufanya staji na miaka ya enkadrema, nimefikia njia hii: mwanafunzi anaandika kwanza utangulizi peke yake; mimi sikorije, ninaweka pembeni moja ya alama tano ambazo darasa linajua (swali halikuelezwa, wazo limerudiwa, mfano haupo, sentensi haisimami, ortografi); anarudisha amekorije mwenyewe, njo ninapotoa pointi. Pamoja na barua ninaweka fishi ya preparasyo ya somo moja la dakika 50 juu ya ukurasa mmoja wa riwaya, kwa mwaka wa 3, na kopi mbili za wanafunzi wa enkadrema bila majina, kabla na kisha."

Agregasyo imepanda mu sentensi ya kwanza. Mu barua ya zamani ilikuwa aneksi tu, pengine ile ya tano iliyosahauliwa mu orodha! Kwa sisi wa unif, tofauti na wenzetu wa ISP ambao pedagojia iko ndani ya masomo yao, hii karatasi njo inayojibu swali la kwanza la kila prefe: huyu anajua fasihi, sawa, lakini nani alimufundisha kufundisha? Na fishi ya preparasyo inasema kingine ambacho hakuna sifa inayoweza kusema, sababu prefe anaisoma kwa dakika mbili na anajua kama mtu huyu anapanga dakika 50 ao anaingia kuongea mpaka kengele. Alama tano nazo zinapunguza zile dakika 12. Kusoma utangulizi wa mistari 10 na kuweka alama moja ao mbili ni kazi ya dakika 2 kwa kopi, kwa hiyo saa moja na dakika 36 kwa darasa zima, na kazi hiyo inaweza kurudiwa kila juma.

Ninajua mutakachoandika chini: "Mukubwa, prefe anachukua mtoto wa dada yake, na nafasi zingine zinaenda kwa matabishi." Mara nyingi ni hivyo, sitawadanganya. Barua haifungui mlango ambao umeshauzwa. Inafanya kazi pale tu ambapo kuna mtu mwenye rundo mezani, anayehitaji kweli kazi ifanyike, na anatafuta watu watatu wa kuita kwa testi. Mtu huyo yupo. Promotere ambaye wafinalisti wake wameanguka mwaka jana hawezi kulea shemeji asiyejua disertasyo miaka miwili. Wazazi watapeleka watoto kwingine. Na nyumba ambayo imerudishiwa kitabu kwa sababu jina la askofu limekosewa mu kava italipa gharama ya kukiimprime upya, na itamtafuta mtu wa rula.

Kuhusu feza, usitie mu barua, lakini ukiitwa uliza wazi. Shuleni uliza unalipwa na shule yenyewe ao kwa prime ya wazazi, na kama ni shule ya serikali ao ya konvansyone, uliza kama nafasi imeshamekanizwa ao utangoja; kuna walimu walioingia kwa ahadi hiyo na bado wanangoja. Nyumba ya vitabu itakuambia "tunalipa kwa ukurasa", na unaweza kutoka ukicheka. Uliza ukurasa gani. Watu wa kazi wanahesabu kwa feye, yaani alama 1 500, herufi na nafasi zote ndani, mistari 25 ya alama 60. Chukua maandishi ya alama 180 000: ni feye 120. Yakiisha kupangwa kwa herufi ndogo mu kitabu, yanaweza kutoka kurasa 64 tu. Ukikubali bei ya ukurasa wa kitabu huku ukifikiri ni ya feye, utasoma 120 na utalipwa 64. Ndugu yetu ameitwa kwa testi ya nyumba ile. Swali la feye amekwenda nalo mu daftari, na rula pia.